Orodha ya maandalizi kwenye mgahawa wa Mbeya: hesabu majiko kabla ya sahani

Ijumaa moja ya mwezi wa saba, saa 6:20 mchana, kijana wa kaunta alichungulia jikoni akauliza, "Dada, maharage tayari?" Nikafunua sufuria, nikachota harage moja na kuliminya kati ya kidole na gumba. Likachomoka na kuruka sakafuni, gumu vilevile. Nje wateja wa kwanza walishavuta viti. Kwenye orodha yangu karibu kila kitu kilikuwa na alama ya vema: vitunguu, karoti, kuku, hata kachumbari. Tangu alfajiri hatukukaa chini. Maharage tu ndiyo yalibandikwa saa 4, baada ya chai kupoa, kwa sababu kwenye karatasi niliyaandika chini ya wali, na tulikuwa tunashuka na karatasi kama ilivyo.

Mgahawa wetu uko Mwanjelwa. Asubuhi tunauza chai, chapati na supu, mchana chakula cha kushiba. Wateja ni watu wa sokoni na wa maofisini, na wengi wao huingia kwa mkupuo kati ya saa 6:30 na saa 8:00 mchana. Jikoni tuko wanne. Nitaeleza ninavyoiandika orodha siku hizi, kwa kutumia Ijumaa ya kawaida. Vipimo ni vya sahani zetu na sufuria zetu. Wewe pima vyako kwa wiki mbili uone vinaangukia wapi.

Fungua friji kabla ya daftari

Anayeingia zamu saa 11 alfajiri mkono wake hukimbilia kisu. Mimi kisu nakiacha. Kwanza naitikisa mitungi ya gesi, nachungulia pipa la maji, halafu nafungua friji. Kila deli mle ndani lina kipande cha selotepu ya karatasi kilichoandikwa ni nini, siku gani na saa ngapi kiliingia. Lisilo na maandishi linamwagwa, hata kama kilichomo kinanukia vizuri. Mwanzo vijana walinung'unika, baadaye wakaanza kuandika.

Hapa kuna kosa la kwetu kabisa, la watu wa baridi. Mwezi wa sita na wa saba jiko likishazimwa usiku, mtu anaona mikono imekufa ganzi, anasema rosti ilale mezani, hii si friji hii? Si friji. Sufuria kubwa iliyofunikwa huganda juu na pembeni, lakini katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vuguvugu ndiyo hali wanayoipenda vijidudu. Ukibisha, siku moja asubuhi zamisha mwiko hadi kitovu cha sufuria, uuguse. Chakula cha kulala kinamwagwa kwenye sinia pana, kimo cha vidole viwili, kipoe haraka na kuingia friji ndani ya saa mbili. Kwa wali nakaza zaidi. Kuna kimelea ambacho mbegu zake hustahimili kuchemka, na wali ukikaa nje hutoa sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto upya. Wali uliopozwa vizuri tunaukaanga asubuhi inayofuata mara moja tu, unaobaki tunautupa.

Nikimaliza friji najua nina nini. Ijumaa ninayoieleza palikuwa na deli la vitunguu vilivyokatwa Alhamisi jioni, nusu deli la tangawizi na saumu iliyosagwa, na kuku waliokwishatiwa viungo. Kazi tatu zikafutika kabla hazijaandikwa.

Makisio ya mkupuo

Daftari la kaunta lina sahani tulizouza kila siku. Nachukua Ijumaa nne zilizopita, siyo siku nne zilizopita, kwa sababu Jumatatu na Ijumaa hazifanani hata kidogo. Zilikuwa 84, 91, 78 na 95. Ukijumlisha ni 348, ukigawa kwa nne ni 87. Nikaandika 90. Ingekuwa mwisho wa mwezi ningeongeza kumi. Ile ya 78 niliikumbuka, mvua ilinyesha kuanzia saa 5, na mvua ya mchana hupunguza watu wa sokoni ila huongeza wanaotaka ugali na supu.

Zile 90 nazigawa kwa jinsi watu wanavyokula: wali 50, ugali 25, chipsi 15. Kwetu kilo moja ya mchele hutoa sahani sita na ziada kidogo, kwa hiyo wali ni kilo 8. Maharage huombwa na karibu watu 60, na kilo moja kavu hutoa bakuli kama 20, basi kilo 3. Kilo ya viazi kabla ya kumenywa hutoa sahani mbili za chipsi. Hesabu inaishia hapo. Mengine kama mboga na nyama ninayaandika kwa mazoea, maana yakipungua kidogo mteja huwa anakubali kubadilishiwa. Wali na maharage vikiisha saa 7, hakuna cha kumbadilishia.

Majiko ndiyo yanayopanga foleni

Hiki ndicho nilichokosea ile Ijumaa ya maharage magumu. Nilikuwa napanga kazi kwa mikono: nani anakata, nani anamenya. Mikono inaazimika, kijana wa kaunta anaweza kuja kumenya viazi. Jiko haliazimiki. Sisi tuna manne: gesi mbili, jiko kubwa la mkaa na jiko dogo la mkaa. Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la mtu, nachora mistari minne na kuandika kila jiko limebeba nini kuanzia alfajiri hadi saa 8. Kisha naanza kujaza nikitokea mwisho: saa 6:30 kila kitu kiwe tayari, narudi nyuma.

Maharage yanaingia kwanza. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, siyo 100. Ndiyo maana mpishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam hudhani mkaa wetu ni mbovu. Anaongeza moto, maji yanaruka juu kwa ghadhabu, maharage hayasogei. Maji yakishachemka, moto wa ziada hauyapandishi joto, unayakausha tu. Dawa ni muda. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha naamua yatachukua saa tatu, na ninaacha nusu saa ya akiba kwa sababu maharage ya msimu uliopita hukaidi kuliko mapya. Yakiiva mapema hayana shida, yanasubiri kuungwa.

Mambo mawili juu ya maharage ambayo vijana wapya huwa hawajui. La kwanza, nyanya na limau visiingie kabla hayajalainika. Uchachu hukaza ganda, na harage lililokazwa hivyo litakupotezea saa nzima. La pili, maji ya kulowekea yamwagwe, na maharage, hasa yale mekundu, yachemke kwelikweli angalau dakika kumi mwanzoni kabla hujapunguza moto. Mabichi yana sumu inayoumiza tumbo, na moto wa kufifia hauiondoi. Ndiyo maana siyaweki kwenye jiko ambalo mkaa wake haujashika.

Baada ya maharage, jiko kubwa linapokea nyama ya rosti kuanzia saa 3 hadi saa 5. Halafu mkaa unaongezwa kwa ajili ya wali, na wali nautaka hapo kwa sababu makaa yaliyokomaa ndiyo ya kupalia juu ya mfuniko. Jiko dogo asubuhi ni la chapati hadi saa 3, kisha kuunga maharage, kisha ugali. Gesi ya kwanza ina chai na supu, baadaye maji ya moto na mboga za majani. Gesi ya pili inapika mayai asubuhi, inakaanga kuku saa 4, na kuanzia saa 5 ni mali ya chipsi, haiguswi.

Nilipoichora hivi mara ya kwanza nikaona kitu kilichonichekesha: ile Ijumaa ya aibu hata kama ningekumbuka maharage saa 1, yasingekuwa na pa kukaa. Jiko kubwa lilikuwa na supu, ambayo ingetosha kabisa kwenye gesi.

Tahadhari moja ya msimu wa baridi: mkaa unapowashwa alfajiri, dirisha na mlango vibaki wazi, baridi iwe kali namna gani. Moshi wa sumu wa mkaa hauonekani wala haunuki. Kichwa kikianza kuuma watu wawili kwa pamoja, tokeni nje wote.

Kona nne, na kila kitu kinavyokaa

Majiko yakishapangwa ndipo nagawa kazi za mikono. Tuna kona nne: ya sufuria kubwa, ya wali na ugali, ya chipsi na kuku, na ya mboga. Ndani ya kila kona swali ni moja: hiki kikishakatwa au kikishapikwa, kinakaa muda gani kabla hakijaharibika ladha au kuwa hatari? Kinachokaa sana kinafanywa mapema au jana yake. Kinachokaa kidogo kinasukumwa karibu na mkupuo.

Kona ya mboga inaonyesha hilo vizuri. Vitunguu vilivyokatwa vikifunikwa na kuingia friji vinafika kesho bila shida, kwa hiyo ni kazi ya jioni. Karoti na hoho nazo zinakubali. Mchicha na figiri huchambuliwa na kuoshwa asubuhi, huchujwa maji hadi yaishe, hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na hupikwa saa 6:00 kamili, maana mboga ya majani iliyopikwa saa 4 inafika mezani nyeusi. Kachumbari ni ya mwisho kabisa. Nyanya na vitunguu vinakatwa saa 6:00, chumvi na limau vinaingia saa 6:25. Chumvi huvuta maji. Ukiitia saa 5 utauza supu ya nyanya. Parachichi halikatwi mpaka oda itamkwe.

Kona ya chipsi ina mengi zaidi. Viazi vyetu hutoka Uporoto au Njombe, ni vizuri, ila mwezi wa sita na wa saba huwa vinaleta ugomvi. Chipsi zinatoka kahawia iliyokolea, karibu nyeusi nchani, na ukiuma ndani bado mbichi. Kijana anasema mafuta yamechoka. Anabadilisha mafuta, hali ni ileile. Tatizo ni stoo. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali kwa siku nyingi, wanga wake hugeuka sukari, na sukari ndiyo inayoungua. Utatambua kwa kukaanga chipsi tatu kutoka gunia jipya kwenye mafuta safi kabla ya kumenya gunia zima. Zikitoka nyeusi, gunia lihamie kona ya jikoni yenye joto na giza kwa wiki moja au mbili, utumie lingine. Giza ni lazima, maana mwanga hukifanya kiazi kuwa kijani, na kilichogeuka kijani kina sumu.

Viazi vizuri vinamenywa saa 2, vinakatwa na kuzamishwa kwenye maji baridi. Maji yanabadilishwa hadi yasiwe meupe kama tui; wanga wa nje ukibaki, chipsi hugandana. Saa 5 zinatolewa, zinachujwa na kukaushwa kwa kitambaa, zinakaangwa mara ya kwanza kwa moto wa wastani hadi zilainike bila kupata rangi. Zinatandazwa kwenye sinia. Oda ikija zinarudi kwenye mafuta makali kwa dakika mbili tatu. Mgahawa unaokaanga mara moja kutoka mbichi unamkalisha mteja robo saa na kushikilia jiko wakati huohuo. Zile za mara ya kwanza nazitumia mchana huohuo, sizilazi.

Wali tunaupika mara mbili. Kilo 5 zinabandikwa saa 5:15 na zinaiva saa 6:15. Kilo 3 zilizobaki huoshwa, huchujwa, na husubiri. Ugali haupikwi wa watu 25 kwa pamoja. Unapikwa wa watu wanane tisa, kuanzia saa 6:15, unawekwa kwenye hotipoti, na mwingine unasongwa wa kwanza ukifika nusu. Kwa baridi ya huku ugali uliokaa wazi hufanya gamba ndani ya dakika chache, na mtu wa Mbeya hakusamehi gamba.

Ubao wa Ijumaa ya mfano

Hivi ndivyo ulivyosomeka, baada ya kufuta yaliyokuwepo kwenye friji:

Saa 11:00. Mkaa uwashwe majiko yote mawili. Madirisha wazi. Chai na supu kwenye gesi.
Saa 11:30. Maharage kilo 3, jiko kubwa. Unga wa chapati ukandwe.
Saa 12:15. Chapati, jiko dogo.
Saa 2:00. Viazi kilo 8 vimenywe. Mchicha uchambuliwe.
Saa 3:00. Maharage yajaribiwe. Nyama ichukue jiko kubwa.
Saa 3:30. Kuunga maharage, jiko dogo.
Saa 4:00. Kuku, gesi ya pili.
Saa 5:00. Chipsi mara ya kwanza.
Saa 5:15. Wali kilo 5.
Saa 6:00. Mchicha. Nyanya na vitunguu vya kachumbari.
Saa 6:15. Ugali wa kwanza.
Saa 6:25. Chumvi na limau.

Kila mstari una jina la mtu pembeni. Mstari wa muhimu kuliko yote ni ule wa saa 3:00. Haujaandikwa "maharage tayari", umeandikwa "yajaribiwe". Mtu anachota maharage matano kutoka chini, katikati na juu, anayaminya. Likigoma hata moja, nyama inakwenda kwenye gesi ya kwanza na maharage yanabaki palepale. Saa 3 bado kuna nafasi ya kubadilisha jiko. Saa 6:20, kama nilivyojionea, kilichobaki ni kuomba radhi.

Wakati wa mkupuo

Saa 6:45 nakwenda kaunta, nahesabu vichwa na kuuliza wahudumu oda zimeegemea wapi. Hapo ndipo naamua sufuria ya pili ya wali. Zikiwa zimetoka sahani zaidi ya 12, kilo 3 zote zinabandikwa. Zikiwa chini ya hapo, kilo moja na nusu, na mchele uliooshwa unaobaki unaingia friji kwa ajili ya jioni. Nikisubiri saa 7:15 nimechelewa, maana sufuria ya kwanza huisha karibu saa 7:30 na wali wa kupalia hauharakishwi.

Vilivyoiva vinasubiri vikiwa moto, siyo vuguvugu. Sufuria ya rosti na ya maharage zinakaa juu ya majivu yenye makaa machache, mvuke uonekane unapofunua. Usipoona mvuke, inarudi motoni ichemke. Hakuna anayemwaga rosti ya sasa hivi juu ya ile ya saa 5. Sufuria inaisha, ndipo nyingine inafunguliwa.

Kuna kosa moja hutokea kila wiki: mtu wa kona ya mboga anamaliza mapema, anakaa bure, anaona vema akate kachumbari ya ziada. Mpe vitunguu vya kesho. Kazi ya kujaza muda itoke kwenye orodha ya vinavyokaa.

Saa 9:30, zamu inafungwa

Kabla aproni hazijavuliwa, orodha ya kesho imeshaanza. Kilo 3 za maharage zinachambuliwa mawe na kulowekwa, maji yapite juu kwa kiganja kizima kwa sababu yatavimba. Vitunguu vinakatwa, vinafunikwa, vinaandikwa. Gunia la viazi linafunikwa. Daftarini naandika sahani zilizotoka, kilichoisha na saa kilipoisha, na kilichobaki.

Ijumaa ya mfano iliandikwa: sahani 93. Maharage yaliiva saa 2:50. Chipsi ziliisha saa 7:40, watu wawili walihamia wali. Wali ulibaki kama sahani tatu. Pembeni nikaongeza kwa kalamu nyekundu: Ijumaa ijayo viazi kilo 9, wali wa pili kilo 2 na nusu.